Ukoko wa Chokaa katika Mabomba na Hita za Maji: Chanzo Chake, Namna ya Kuuondoa na Utendaji wa Mtambo wa Kulainisha Maji

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki zinazotumia maji ya kisima, birika la kuchemshia maji huvaa ndani tabaka jeupe, gumu, ambalo haliondoki kwa sabuni wala kwa kusuguliwa. Tabaka hilo linaitwa katika makala haya ukoko wa chokaa, kwa sababu hushika chomboni kama ukoko wa wali unavyoshika sufuria, na kwa sababu kiini chake ni kitu kilekile kilichomo katika mawe yanayochomwa tanuuni ili kupata chokaa ya kujengea. Ndani ya birika ukoko huo ni kero tu. Ndani ya hita ya tangi, ambako hauonekani, huunguza koili, huziba mabomba na, unapoifikia valvu ya usalama, huweza kulifanya tangi lenyewe kuwa hatari kwa walio karibu nalo.

Ili maelezo yasielee hewani, makala yanafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ichukuliwe nyumba ya wageni yenye vyumba vinane katika ardhi ya maweni ya mashariki ya Unguja, ambako udongo ni haba na mwamba wa matumbawe uko karibu na uso wa ardhi. Maji yake yanatoka katika kisima kilichochimbwa ndani ya mwamba huo, nayo yanapashwa moto katika tangi moja la umeme la lita 200 lililopakwa kauri kwa ndani. Nyumba hiyo ni ya kufikirika, lakini viwango vyake vimechaguliwa ndani ya mipaka ambayo fundi yeyote wa maeneo ya mawe ya chokaa hawezi kuistaajabia.

Jinsi mwamba unavyoingia ndani ya birika

Maji ya mvua huanguka yakiwa laini, maana yake hayana madini ya kutajika. Yanapopita katika udongo hukutana na hewa ya ukaa inayotolewa na mizizi na vijidudu, na sehemu ya hewa hiyo huyeyuka ndani yake na kuyafanya kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo ndiyo inayoumega mwamba wa matumbawe, ambao kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya kalsiamu. Kaboneti yenyewe haiyeyuki majini ila kwa kiasi kidogo mno, lakini mbele ya hewa ya ukaa hugeuka kuwa bikaboneti, ambayo huyeyuka. Badiliko hilo huandikwa hivi:

```
CaCO3 + CO2 + H2O  ⇌  Ca(HCO3)2
```

Alama iliyo katikati ndiyo ufunguo wa suala zima, kwa kuwa inaonyesha kwamba badiliko hilo huweza kwenda na kurudi. Chini ya ardhi, kwenye ubaridi na hewa ya ukaa ya kutosha, huelekea kulia na mwamba huyeyuka. Ndani ya hita hewa ya ukaa hufukuzwa na joto, badiliko hurudi kushoto, na kaboneti ya kalsiamu huganda tena. Kwa maneno mengine, mwamba uliosafiri ndani ya maji ukiwa hauonekani hujijenga upya pale penye joto zaidi, yaani juu ya koili. Jambo jingine huzidisha hali hiyo: sukari na chumvi huyeyuka vizuri zaidi katika maji ya moto, ilhali kaboneti ya kalsiamu huyeyuka vibaya zaidi kadiri joto linavyopanda.

Ugumu unaoganda kwa joto kwa njia hiyo huitwa ugumu wa muda. Upo pia ugumu wa kudumu, unaotokana na salfeti na kloridi za kalsiamu na magnesiamu, ambao hauondoki kwa kuchemsha. Katika visima vilivyo karibu na bahari tofauti hii ina uzito wake, kwa sababu maji ya bahari yanapopenyeza kisimani huongeza magnesiamu na kloridi. Maji huwa magumu na ya munyu kwa wakati mmoja, na watu huyaita yote mawili maji ya chumvi. Hata hivyo munyu na ugumu ni mambo mawili tofauti, na mtambo wa kulainisha maji huondoa ugumu peke yake.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kaboneti ya kalsiamu kwa kila lita. Kwa kawaida maji yenye chini ya miligramu 60 huhesabiwa kuwa laini, na yanayozidi 180 huhesabiwa kuwa magumu sana. Kipimo rahisi cha nyumbani ni dawa ya matone: maji kidogo huwekwa katika kichupa na kupata rangi nyekundu, kisha dawa hudondoshwa tone baada ya tone hadi yageuke kuwa buluu. Katika aina moja ya kipimo hicho kila tone ni digrii moja ya Kijerumani, sawa na takriban miligramu 18. Nyumba ya mfano inahitaji matone 20, kwa hiyo maji yake yana ugumu wa miligramu zipatazo 350 kwa lita. Kati ya hizo, miligramu 300 ni ugumu wa muda na 50 ni wa kudumu.

Maji ya namna hii hayamdhuru anayeyanywa. Wapishi wa pwani wanayajua kwa njia nyingine: maharage huchelewa kuiva ndani yake, na mkono huenda haraka kwenye magadi. Sehemu ya msaada wa magadi hutokana na kwamba kaboneti iliyomo ndani yake huikamata kalsiamu ya maji kabla haijayakaza maganda ya maharage.

Kinachotokea ndani ya hita

Nyumba ya mfano inatumia lita 400 za maji ya moto kwa siku. Ikikadiriwa kwamba theluthi moja tu ya ugumu wa muda huganda wakati maji yanapopashwa hadi nyuzijoto 65, basi kila lita huacha miligramu 100 za ukoko. Lita 400 huacha gramu 40 kwa siku, na kwa mwaka mzima hesabu hufika kilo 14.6. Sehemu yake huchukuliwa na maji na kutokea kwenye koki kama chengachenga nyeupe, lakini hata ikibaki nusu, mwenye nyumba anabeba ndani ya tangi lake kilo saba za mawe kila mwaka bila kuyaona.

Husemwa mara nyingi kwamba ukoko hupandisha bili ya umeme. Kwa hita inayochoma kuni au gesi dai hilo ni la kweli: ukoko hupitisha joto kwa shida mamia ya mara kuliko shaba, hivyo joto lisilopenya majini hutoroka na moshi. Kwa koili iliyozama ndani ya maji mambo ni tofauti. Koili haina mahali pengine pa kupeleka joto lake isipokuwa majini, na joto hilo hatimaye hufika. Kinachobadilika ni hali ya koili yenyewe: ili kulisukuma joto lilelile kupitia gamba nene inalazimika kuwa ya moto zaidi na zaidi, hadi ala yake inapasuka au waya wa ndani unakatika. Gharama ya ukoko katika hita ya umeme, basi, hulipwa zaidi kwa koili zinazoungua kuliko kwa mita. Fundi anayebadilisha koili ileile kila baada ya miezi michache bila kupima maji anatibu dalili na kuuacha ugonjwa.

Dalili huja kwa mpangilio unaoweza kufuatwa. Kwanza husikika mngurumo wakati hita inapofanya kazi, kwa sababu mapovu ya mvuke hunaswa chini ya gamba na kupasuka. Kisha maji ya moto huisha mapema kuliko zamani, kwani mashapo yamechukua nafasi chini ya tangi. Baadaye koki za maji ya moto hudhoofika ilhali za maji ya baridi bado zina nguvu. Tofauti hiyo kati ya koki mbili za sinki moja ni ushahidi mzuri, kwa kuwa pampu mbovu au tangi la juu lililopungua maji lingezidhoofisha zote mbili sawasawa.

Dalili ya hatari zaidi iko kwenye valvu ya usalama, ile inayofunguka msukumo wa maji unapozidi. Ikianza kudondoka mfululizo, huenda chembe ya ukoko imekwama kwenye kiti chake. Wapo wanaoziba mdomo wake kwa kizibo ili kuzuia matone, na kosa hilo halina mfano wake. Kidhibiti joto kilichofunikwa na ukoko huchelewa kuhisi joto na kuchelewa kukata umeme, na iwapo valvu nayo imezibwa au imegandana, tangi halina tena njia ya kupumua. Kitasa cha valvu kinapaswa kuinuliwa kila baada ya miezi michache, huku mtu akiwa amesimama mbali na mdomo wake. Ikiwa maji hayatoki, au hayakomi kutoka baada ya kitasa kurudishwa, valvu ibadilishwe.

Kupunguza joto husaidia, kwa kuwa ukoko huongezeka kwa kasi joto linapozidi nyuzi 60. Kushuka chini ya hapo kuna bei yake. Maji ya tangi yanayokaa vuguvugu humpa nafasi bakteria wa lejionela, ambaye huingia mapafuni kwa mvuke wa bafuni. Kwa nyumba inayopokea wageni, nyuzi 60 ndicho kiwango cha busara.

Kuuondoa ukoko

Kabla ya dawa yoyote kuguswa, kipande cha ukoko hutolewa na kudondoshewa asidi kidogo, hata siki. Kikitoa mapovu, ni kaboneti na asidi itaufanyia kazi. Kisipotoa, huenda ni salfeti, silika au kutu, na asidi dhaifu itakuwa ni kupoteza fedha. Kipande hicho kisitupwe, kwani kitahitajika tena mwishoni.

Kazi ya asidi ni kurudisha badiliko lililotajwa hapo juu: kaboneti huvunjika, kalsiamu huyeyuka na hewa ya ukaa hutoka kama mapovu. Kwa kuwa asidi hutumika na kwisha, kiasi chake hulingana na kiasi cha ukoko, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Siki ya kawaida ina asilimia 5 ya asidi, na kwa hesabu za kikemia kilo moja ya ukoko inahitaji takriban lita 24 za siki. Birika lenye gramu 20 za ukoko husafishwa kwa nusu lita, na siki ni dawa yake ifaayo. Tangi lenye kilo kadhaa za ukoko likimiminiwa chupa mbili za siki litatoa mapovu kwa dakika chache, kisha litabaki lilivyokuwa. Maji ya ndimu yana nguvu inayokaribiana na ya siki. Asidi ya sitriki ya unga ina nguvu zaidi na haina harufu, lakini mbele ya kalsiamu nyingi, hasa kwenye joto, huzaa mashapo meupe ya sitrati yasiyoyeyuka kirahisi, na msafishaji hujikuta amebadilisha ukoko mmoja kwa mwingine.

Kwa tangi la nyumba ya mfano njia bora ni kuanza kwa mikono. Umeme hukatwa kwenye swichi kuu, wala si kwa kuzima kidhibiti joto tu. Koki ya maji baridi inayoingia hufungwa, koki moja ya maji ya moto hufunguliwa ili hewa iingie, na tangi huachwa lipoe kabla ya kumwagwa. Kisha koili hutolewa pamoja na kifuniko chake. Sehemu kubwa ya ukoko huwa imelala chini kama changarawe, nayo huchotwa kwa kijiko kirefu na kusukumwa nje kwa maji ya mpira. Kauri ya ndani isikwanguliwe kwa chuma, maana ikipata ufa kutu huanzia hapo. Ichukuliwe kwamba kilo tano zimetoka kwa njia hiyo, na kilo mbili zimebaki zimeshika koilini na chini ya tangi.

Kwa kilo hizo mbili inafaa asidi ya salfamiki, unga mweupe unaouzwa na wauzaji wa kemikali za viwandani. Chumvi yake ya kalsiamu huyeyuka vizuri sana, hivyo haiachi mashapo. Kilo moja ya ukoko huhitaji takriban kilo mbili za unga, kwa hiyo kilo nne huyeyushwa katika lita 60 za maji na kumiminwa tangini, zikatosha kufunika chini na koili iliyorudishwa mahali pake. Maji yawe vuguvugu tu. Yakiwa ya moto sana asidi hii huvunjika na kuzaa salfeti, ambayo hugandana na kalsiamu kuwa jasi. Glovu na miwani ya kinga huvaliwa tangu unga unapopimwa.

Mambo matatu hayana mjadala wakati wa kazi hiyo. La kwanza, tangi lisifungwe. Kilo moja ya ukoko hutoa zaidi ya lita 200 za hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikikosa njia itaitafuta. Kwa sababu hiyohiyo chumba kiwe na madirisha wazi. La pili, fimbo ya magnesiamu iliyomo tangini kwa ajili ya kuzuia kutu itolewe kwanza, kwani asidi huila haraka na kutoa hewa ya haidrojeni inayoshika moto. La tatu, asidi isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kupaushia nguo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu.

Mapovu yakikoma, maana yake ni moja kati ya mbili: ukoko umekwisha, au asidi imekwisha. Kile kipande kilichohifadhiwa ndicho mwamuzi. Kikitumbukizwa katika maji yaliyochotwa tangini na kutoa mapovu, asidi bado ni hai na ukoko ndio uliokwisha. Kikikaa kimya, asidi ndiyo iliyochoka na nyingine inahitajika. Kazi ikimalizika, maji ya tangi hutiwa magadi kidogo kidogo hadi yasitoe mapovu tena, ndipo humwagwa na tangi kusuuzwa mara mbili au tatu.

Asidi ya hidrokloriki, inayouzwa kwa bei nafuu kwa kusafishia vigae, hula ukoko kwa kasi kuliko zote, lakini hula na chombo. Huivua zinki katika mabomba ya mabati, na huitoboa hata pua isiyoshika kutu kwa mashimo madogo ambayo huonekana miezi kadhaa baadaye. Haistahili kuingizwa katika hita ya nyumbani. Mabomba ya mabati yaliyozibwa kabisa hayana haja ya asidi yoyote. Kuyabadilisha kwa ya plastiki inayostahimili maji ya moto hugharimu pungufu ya kurudia kuyasafisha.

Mtambo wa kulainisha maji

Kusafisha tangi hakuzuii maji ya kesho kuleta gramu 40 nyingine. Kinga ya kweli ni kuiondoa kalsiamu kabla maji hayajapashwa moto, na hiyo ndiyo kazi ya mtambo wa kulainisha maji. Kwa nje ni mtungi mrefu uliosimama kando ya pipa la chumvi. Ndani ya mtungi mna punje ndogo za resini, yaani ulimbo wa kutengenezwa kiwandani, zinazofanana na mayai ya samaki. Kila punje imejaa vikonyo vyenye chaji hasi, na kila kikonyo kimeshika ioni ya sodiamu yenye chaji chanya.

Ioni ya kalsiamu ina chaji chanya mbili, ilhali ya sodiamu ina moja. Maji magumu yanapopita katikati ya punje, kalsiamu na magnesiamu hushikwa kwa nguvu zaidi, na kila moja huzibandua sodiamu mbili na kukalia nafasi zao. Maji yanayotoka yana sodiamu badala ya kalsiamu. Bikaboneti imebaki palepale, lakini sasa imefungamana na sodiamu, na chumvi za sodiamu haziachi ukoko hata maji yakichemka. Ni vyema ieleweke kwamba mtambo haukuchuja kitu. Umebadilishana mali kwa mali, na jumla ya chumvi zilizomo majini haikupungua. Kwa hiyo kisima chenye munyu kitabaki na munyu.

Resini ikijaa kalsiamu huacha kufanya kazi, na hapo huhitaji kuhuishwa. Swali linalojitokeza ni hili: ikiwa kalsiamu hushikwa kwa nguvu zaidi, sodiamu itaifukuzaje? Jibu ni wingi. Resini huogeshwa kwa maji ya chumvi yenye nguvu ya takriban asilimia 10, na katika umati huo wa sodiamu upendeleo wa resini kwa kalsiamu huzidiwa. Mtambo hufanya hivyo kwa hatua. Kwanza maji hupitishwa kutoka chini kwenda juu ili punje zilegee na uchafu uondoke. Kisha maji ya chumvi hufyonzwa polepole kutoka pipani, hatua inayohitaji muda mrefu kwa kuwa badiliko haliwezi kuharakishwa. Baadaye resini husuuzwa, kwanza taratibu na halafu kwa kasi, na pipa hujazwa maji upya ili yayeyushe chumvi ya zamu ijayo.

Kwa nyumba ya mfano uamuzi mkubwa ni maji yapi yalainishwe. Mtambo wenye lita 25 za resini, ukihuishwa kwa kilo 3 za chumvi kila zamu, huweza kukamata takriban gramu 1,250 za ugumu. Ikiwa nyumba inatumia lita 2,000 kwa siku na zote zinapitishwa humo, ugumu wa siku ni gramu 700. Mtambo utajaa kabla ya siku mbili kwisha, na chumvi ya mwaka itazidi kilo 600. Zikipitishwa zile lita 400 za maji ya moto peke yake, ugumu wa siku ni gramu 140. Resini itadumu karibu siku tisa, na kwa tahadhari huhuishwa kila siku ya nane. Chumvi ya mwaka hushuka hadi kilo zipatazo 137. Kwa kuwa ukoko hujengeka penye joto, njia ya pili hukinga karibu kila kinachohitaji kukingwa, na mabomba ya baridi, choo na bustani hubaki na maji ya kisima.

Utengano huo una faida kwa afya pia. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huacha miligramu 46 za sodiamu, hivyo maji ya nyumba hii yakilainishwa huongezewa miligramu 161 kwa lita, juu ya sodiamu iliyokuwamo tangu kisimani. Mwenye shinikizo la damu aliyeagizwa kupunguza chumvi hapaswi kuyanywa kila siku, na maziwa ya unga ya mtoto mchanga hayapaswi kukorogwa kwayo. Koki ya kunywa na ya kupikia ibaki kwenye bomba la maji yasiyolainishwa.

Mtambo ukianza kutoa maji magumu, sababu mara nyingi si resini. Hutazamwa kwanza pipa la chumvi. Katika hewa ya unyevu ya pwani chumvi hushikana juu na kuwa kama daraja, huku chini yake pakiwa patupu na maji yasiyogusa chumvi. Mtu huliona pipa limejaa na kuamini kwamba yote ni salama, kumbe mtambo umekuwa ukijihuisha kwa maji matupu. Mpini wa ufagio ukisukumwa taratibu kutoka juu hulivunja daraja hilo. Sababu ya pili ni tundu dogo la kufyonzea maji ya chumvi kuziba kwa tope, na hilo hutokea zaidi panapotumika chumvi ya majaruba isiyosafishwa. Chumvi hiyo hupatikana kwa urahisi pwani, lakini huja na mchanga pamoja na magnesiamu, ambayo ni sehemu ya ugumu uleule unaotafutiwa dawa. Chumvi safi ya vidonge au ya chengachenga kubwa ni ghali zaidi kwa kilo, ila tundu halizibi. Resini yenyewe huharibiwa na klorini nyingi na kutu, kwa hiyo kichujio cha mashapo hutangulia mbele ya mtambo.

Vipo vifaa vya sumaku vinavyofungwa nje ya bomba na kunadiwa kwamba huzuia ukoko bila chumvi. Majaribio juu yake yametoa majibu yanayopingana, na kalsiamu hubaki majini kama ilivyokuwa. Anayetaka kuvijaribu apime kwa koili iliyosafishwa na kukaguliwa baada ya miezi sita, si kwa maneno ya muuzaji.

Lililobaki ni maji machafu ya mtambo. Kikemia, gramu 1,250 za ugumu zinahitaji kilo moja na nusu tu ya chumvi, lakini zamu moja hutumia kilo 3. Nusu ya ziada hutoka pamoja na kalsiamu iliyofukuzwa, katika maji yanayoweza kufika lita 150 au zaidi. Katika ardhi ya maweni mwamba una nyufa na mapango, na kinachomwagwa shimoni hushuka haraka bila kuchujwa na udongo. Nyumba ya mfano ikilimwaga shimo lake karibu na kisima chake, itakuwa inairudisha chumvi katika maji yaleyale inayoyavuta, pamoja na ya majirani. Bomba la uchafu la mtambo hupelekwa mbali na kisima, upande ambao maji ya ardhini yanaelekea baharini, na muda wa kuhuisha huwekwa kwa mita inayohesabu lita zilizopita, si kwa saa inayohuisha kila siku ya nane hata nyumba ikiwa haina mgeni.